Mama Hana Bei, Pampasi Zina Bei

Ukitaka kunyamazishwa kwenye kikao cha familia, toa kalamu na karatasi wakati anazungumzwa mama. Atatokea mjomba wa kusema kwamba mama hahesabiwi. Atatokea shangazi wa kuuliza kama mama naye alituandikia bili ya maziwa. Mwisho wote watageuka kumtazama yule mwenye mshahara mzuri, naye kwa heshima atainamisha kichwa na kusema, "Basi, mimi nitaangalia." Hapo kikao kimefungwa, chai imeletwa, na mpango wa kumuuguza mtu kwa miaka mingi ijayo umepita bila kutajwa hata shilingi moja.

Msimamo huu umeota mizizi nchini Tanzania, mjini na kijijini, na una mambo matatu ndani yake: kwamba kuhesabu gharama za mzazi ni utovu wa adabu, kwamba mwenye nacho ndiye abebe, na kwamba mtu mwenye watoto hana haja ya kujiwekea akiba ya uzeeni, kwa kuwa watoto ndio pensheni yake. Nauona ni msimamo mbovu, na ubovu wake mkubwa ni kwamba unajificha nyuma ya mapenzi.

Adabu kwanza, maana hili ni jepesi. Familia hiyo hiyo isiyotaka kuhesabu, mama akifariki itaweka meza mlangoni, na juu ya meza daftari la rambirambi. Kila anayeingia ataandikwa jina na kiasi alichotoa, elfu tano kwa elfu tano. Atateuliwa mweka hazina. Zitahesabiwa sahani, turubai, gari la maiti, mchele na sukari, na jioni ya mwisho mapato na matumizi yatasomwa mbele ya ukoo mzima bila mtu kuona aibu. Kwenye harusi ndiyo usiseme: kadi za michango zina kamati, kamati ina mwenyekiti, na anayechelewesha ahadi hupigiwa simu kila wiki. Sisi ni watu wa hesabu. Tunachokataa ni kumhesabia mtu angali hai.

Sasa tuingie kwenye fedha zenyewe. Nitatumia familia moja ya mfano, niliyoiunga kutokana na nyumba kadhaa ninazozijua. Mama ana miaka 74, anaishi Muheza, na amepata kiharusi kilicholegeza upande wa kulia. Ana watoto wanne. Wa kwanza ni mhasibu wa kampuni Dar es Salaam, na mkononi anapata shilingi 1,500,000 kwa mwezi. Wa pili ni mwalimu wa sekondari Dodoma, anapata 800,000. Wa tatu anauza vifaa vya ujenzi Tanga mjini, na ukichukua wastani wa miezi sita unapata kama 500,000, ingawa kuna mwezi wa 900,000 na mwezi wa 200,000. Wa mwisho ni binti aliyekuwa karani wa duka la jumla kwa 300,000. Aliacha kazi siku mama alipotoka hospitali, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine.

Mahitaji ya mama kwa mwezi, yakiandikwa kwa uaminifu, ni haya. Pampasi za watu wazima, mbili kwa siku, pakiti sita za 15,000, ni 90,000. Dawa ambazo kituo hakina na hununuliwa dukani, 60,000. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayekuja nyumbani mara moja kwa wiki kwa 20,000, jumla 80,000. Chakula, maziwa na matunda, 120,000. Umeme, maji na gesi, 40,000. Bajaji ya kwenda na kurudi kliniki, 30,000. Fungu la dharura, 60,000. Hiyo ni 480,000. Ongeza 220,000 za binti anayemhudumia, ambazo nitazitetea baadaye, unapata 700,000. Mama mwenyewe ana vyumba viwili vya uani alivyopangisha kwa 50,000 kila kimoja. Kinachobaki kugawanywa ni 600,000.

Kwa kanuni ya mwenye nacho, mhasibu atazilipa zote. Tazama mfuko wake. Kodi ya nyumba, ada za watoto, chakula, nauli, na kile anachotuma kwa wazazi wa mkewe, ambao nao ni wazazi, vinakula 900,000. Zinabaki 600,000, yaani sawasawa na gharama ya mama. Ndugu zake watasema hesabu imekaa vizuri. Lakini katika hizo 600,000 kulikuwa na 150,000 alizokuwa akinunulia vipande vya UTT kwa ajili ya uzee wake, na sasa zimekwenda. Hakuna aliyeziona zikienda, kwa kuwa nyumbani hakuna aliyekosa chakula wala mtoto aliyefukuzwa ada.

Mafao yake ya NSSF yako salama, kwa kuwa sheria haimruhusu kuyachota akiwa kazini. Kinacholiwa na ugonjwa wa mzazi ni akiba ya hiari: vipande, hisa za saccos, kiwanja kilichokuwa kinalipwa kwa awamu. Ukiweka 150,000 kila mwezi kwa miaka 10, na faida ikiwa asilimia 10 kwa mwaka, utatoka na kama milioni 30.7, ingawa ulichotoa mfukoni ni milioni 18 tu. Mfumuko wa bei utazipunguza nguvu, sikatai. Hata hivyo hizo ndizo zitakazoamua kama atakapokuwa na miaka 74 atanunua pampasi zake mwenyewe au atampigia simu mwanawe.

Gawio la sawa kwa sawa, linalopendwa na wanaojiona wa kisasa, nalo ni baya. Gawa 600,000 kwa watatu, kila mmoja 200,000. Muuza vifaa vya ujenzi, baada ya kulisha nyumba yake kwa 350,000, hana 200,000. Atatoa mwezi wa kwanza, wa pili atatoa nusu, wa tatu hatapokea simu. Mwalimu naye atatoa ziada yake yote, na likitokea lolote atakopa, na mkopo wa mwalimu ni wa kukatwa kwenye mshahara moja kwa moja. Wapo watumishi wengi ambao makato yamewafikisha kwenye ukomo wa theluthi moja ya mshahara, ile isiyoruhusiwa kuguswa, na ukiwauliza mkopo ulikuwa wa nini, utasikia habari za hospitali.

Ninachopendekeza ni hiki. Kila mmoja achukue kinachoingia mkononi, atoe mahitaji ya nyumba yake, kisha atoe akiba yake ya uzeeni, na ziada inayobaki ndiyo igawiwe mzigo. Mhasibu: 1,500,000 kutoa 900,000 kutoa 150,000, ziada ni 450,000. Mwalimu: 800,000 kutoa 550,000 kutoa 50,000, ziada ni 200,000. Mfanyabiashara: 500,000 kutoa 350,000 kutoa 50,000, ziada ni 100,000. Jumla ya ziada ni 750,000, na mama anahitaji 600,000, kwa hiyo kila mmoja atoe asilimia 80 ya ziada yake. Mhasibu atatoa 360,000, mwalimu 160,000, mfanyabiashara 80,000. Mkubwa bado anatoa zaidi ya nusu, kama mila inavyotaka. Tofauti ni kwamba hakuna aliyeuza uzee wake.

Ujanja utaingia kwenye neno mahitaji, hilo nalijua. Mtu atakopa gari mwezi huu na mwezi ujao marejesho yake yatakuwa mahitaji ya nyumba. Ndiyo maana hati ya mshahara iwekwe mezani siku ya kwanza, na mkopo mpya usio wa ugonjwa wala ada usimpunguzie mtu mchango mpaka wenzake wakubali. Asiye na hati ya mshahara atumie wastani wa miezi sita ya mauzo, na mwezi wake mzuri afidie ule mbaya.

Hapa mpinzani wangu makini atasimama, na ni mchungaji. Atafungua Injili ya Marko, sura ya saba, pale Yesu anapowakemea watu waliokuwa wakiitangaza mali yao kuwa Korbani, sadaka ya Mungu, ili wasiwape wazazi wao. Atauliza: akiba yako ya uzeeni ina tofauti gani na Korbani? Umeibandika jina takatifu ili mama asiiguse. Sijasikia hoja nzito kuliko hii, na wanaonipinga wangefanya vyema kuitumia hii badala ya ile ya maziwa. Shehe naye anaweza kuiunga mkono kwa njia yake. Fikihi inamwajibisha mtoto kumpa matunzo mzazi asiye na uwezo, kutoka katika ziada inayobaki baada ya kujitosheleza yeye, mke na watoto. Lakini fikihi inazungumzia riziki ya sasa, si ya miaka 20 ijayo, na mtu anaweza kusema vipande vya UTT ndivyo ziada yenyewe.

Jibu langu ni kwamba akiba iwe na mpaka. Katika mfano huu hakuna aliyetenga zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kinachoingia mkononi mwake, na mpaka huo naona unatosha. Anayetenga theluthi huku mama analala kwenye shuka mbichi, huyo ndiye mtu wa Korbani na Marko kamwandika. Tena watu wa Korbani waliifungia mali ili wasitoe kabisa, na mhasibu wetu anatoa 360,000 kila mwezi. Na akiba yake yeye, tofauti na sadaka ile, ina mtu wa tatu inayemlinda, ambaye kwenye kikao hana kiti kwa sababu bado yuko darasa la nne. Kila shilingi ya uzeeni inayoliwa leo inaandikwa kwenye jina la mtoto huyo, na hakuna mjomba aliyemwomba idhini.

Watoto ndio pensheni, wanasema. Basi tuihesabu hiyo pensheni. Mama wa Muheza alizaa wanne, mhasibu ana wawili. Mzigo uliogawanywa kwa watu watatu wenye kipato utagawanywa kwa wawili, tena kwa wawili ambao hawajulikani kama watapata ajira. Serikali haitakuwa na cha kuongeza cha maana. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi Pensheni Jamii, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikaipandisha. Bara hakuna malipo ya namna hiyo kwa kila mzee. Mafao ya watumishi wa umma nayo yalibadilishiwa kikokotoo mwaka 2018, kikasimamishwa baada ya malalamiko, kikabadilishwa tena 2022 na 2024. Mwalimu wetu wa Dodoma akifika miaka 60 atapokea kwa mkupuo sehemu ndogo kuliko aliyoizoea mwalimu aliyestaafu kabla ya mabadiliko hayo. Kumwambia asijiwekee cha pembeni ni kumtakia mabaya.

Hata hivyo, aliye hatarini zaidi katika nyumba hii hana mshahara kabisa. Ni yule binti.

Mgonjwa wa kiharusi asiyejigeuza anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, la sivyo mgongo na makalio yataota vidonda. Saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi: binti anaamka, anashika shuka lililotandikwa chini ya mama, anavuta, anaweka mto nyuma ya mgongo, anakagua kifundo cha mguu kama kimeiva wekundu. Alfajiri anamlisha uji kwa kijiko, kidogo kidogo, kidevu kikiwa kimeinama ili asipaliwe. Ndugu zake wakija Krismasi wanamsifu kwamba mama ana ngozi nzuri. Hiyo ngozi ni kazi ya mtu. Ukitaka kumwajiri mwingine aifanye, usiku na mchana, utahitaji watu wawili.

Kikao kilisema yeye mchango wake ni kukaa na mama, basi wamemalizana. Hawajamalizana. Alikuwa na 300,000 kwa mwezi na sasa hana kitu. Zaidi ya hapo, alikuwa amechangia NSSF kwa miaka 11, yaani miezi 132, na pensheni ya kila mwezi inataka miezi 180. Amebakiza miezi 48. Akiishia hapo, mfuko utamlipa mkupuo mara moja akifika umri, kisha basi. Pensheni ya kila mwezi mpaka kufa ameikosa kwa miaka minne. Wakati huo mkubwa wake anajulikana ukoo mzima kama aliyejitoa mhanga.

Ndiyo maana niliweka 220,000 kwenye bajeti ya mama. 160,000 ni zake mkononi, nazo bado ni pungufu ya alichokuwa akipata. 60,000 ziende NSSF kwa jina lake, kama mchangiaji wa hiari, mpaka miezi 48 iishe. Jambo la kwanza kabla ya kuacha kazi, au hata sasa kama alishaacha, ni kwenda ofisi ya mfuko kuchukua taarifa ya michango na kuhesabu miezi. Waajiri wengine hukata na hawapeleki, na mtu hugundua akiwa na miaka 58. Katika fedha zote ambazo ndugu hawa watatoa, sioni zenye faida kuliko hizi 60,000, na ndizo za kwanza kufutwa mtu akisema tubane matumizi.

Mwalimu naye ana mchango usioonekana. Bima ya NHIF ya mtumishi wa umma inabeba mwenza na wategemezi hadi wanne, na mzazi anaruhusiwa kuwa mmoja wao. Ana watoto watatu, akamwingiza mama nafasi ya nne. Kumwona daktari, vipimo na dawa zilizomo kwenye orodha vinapita kwa kadi hiyo. Ndiyo maana dawa kwenye bajeti yetu ni 60,000 tu. Halipi zaidi kwa kumwandikisha, maana makato ni asilimia ile ile ya mshahara. Lakini akipata mtoto wa nne nafasi imejaa, na hilo liandikwe, lisije likawa ugomvi. Pia ina maana kwamba familia yenye mtumishi mmoja wa umma iangalie kadi kabla ya kuangalia mifuko.

Tumebakiza nyumba, na hapa ndipo watu hunitolea macho. Mama ana nyumba Muheza na shamba la michungwa ekari mbili. Mhasibu anaacha kununua vipande, binti anakosa pensheni, na mali ya mama imekaa inasubiri kurithiwa na wote. Huu ndio upande ambao watetezi wa mapenzi hawaugusi: mnamtunza mama kwa fedha za wawili ili wanne warithi nyumba isiyopungua. Mali ya mzazi imtunze mzazi kwanza. Chumba cha uani kikikarabatiwa kinapangishwa kwa bei nzuri zaidi. Shamba likikodishwa msimu mmoja mmoja, kwa maandishi, linaweza kulipa mtaalamu wa mazoezi mwaka mzima. Kuuza kuwe kwa mwisho kabisa, tena kwa ridhaa ya mama mwenyewe kama akili yake iko sawa.

Kikwazo cha kawaida ni kwamba hati bado ina jina la marehemu baba, na mirathi haijafunguliwa. Watu huona ni uchuro kwenda Mahakama ya Mwanzo wakati mama mgonjwa. Bila msimamizi wa mirathi hakuna mwenye mamlaka ya kukodisha wala kukopa kwa jina la mali hiyo, na mama akifariki mtakuwa na mirathi mbili juu ya nyumba moja. Kwa binti hatari ni kubwa zaidi. Pale mirathi inapoamuliwa kimila, Amri ya Sheria za Mila ya mwaka 1963 inamweka mtoto wa kike daraja la tatu la warithi, hata kama ndiye aliyegeuza shuka kwa miaka sita. Katika sheria ya Kiislamu fungu lake limeshapangwa, na mama hawezi kumwongezea kwa wasia bila warithi wenzake kuridhia. Uuguzi haumpi mtu hisa popote.

Kinachotambuliwa kila mahali ni deni. Madeni ya marehemu hulipwa kabla ya kugawa urithi, kimila, kiserikali na kiislamu. Kwa hiyo ikitokea gharama kubwa nje ya bajeti, tuseme upasuaji wa milioni nne, na mhasibu ndiye mwenye fedha siku hiyo, aamue pale pale kama anatoa au anakopesha. Kama anakopesha, yaandikwe maelewano ya ukurasa mmoja: kiasi, tarehe, sababu, dole gumba la mama au sahihi yake, na sahihi za ndugu wote na shahidi wa nje. Posho ya binti iliyocheleweshwa iandikwe hivyo hivyo. Anayetoa bila kuandika ametoa sadaka, na ni vizuri, ila asije akaidai kaburini.

Atakuwepo mmoja asiyelipa. Mara nyingi ni huyu wa tatu, mwenye mauzo ya kupanda na kushuka, na dalili yake ni kwamba anaanza kuleta vitu badala ya fedha: katoni ya juisi, kanga, mapapai mawili. Apewe miezi mitatu, deni lake liandikwe, lisomwe kwenye kikao kama rambirambi zinavyosomwa. Akishindwa kabisa, pengo lake la 80,000 lisizibwe kwa vipande vya mhasibu wala kwa NSSF ya binti. Nyumba ya Muheza ina chumba cha tatu uani, ambacho amekijaza mabati na nondo za dukani kwake bila kulipa kodi. Mabati yatoke, chumba kipate mpangaji.